Rekodi Bila Maandishi: Kwa Nini Kunukuu ni Kazi ya Aliyesema

Novemba 2024 WhatsApp ilitangaza kwamba ujumbe wa sauti unaweza kugeuzwa kuwa maandishi ndani ya simu ya anayeupokea. Huduma ilianza na lugha chache, na Kiswahili hakikuwemo, lakini tangazo hilo lilitosha kujenga dhana ambayo leo inasikika katika kamati, ofisi na vikundi vingi: kwamba mtu anaweza kumtumia rekodi mwenzake asiyeweza kusikia, akamwachia kazi ya kupata maandishi, na akajihesabu kuwa amekwisha kumfikishia taarifa. Naona dhana hiyo ni potofu, na kosa lake halitaondoka hata siku mashine hizi zitakapokijua Kiswahili vizuri. Maandishi yaliyotokana na sauti hayaaminiki mpaka yalinganishwe na sauti yenyewe. Mtu anayepokea habari kwa maandishi peke yake hana namna ya kufanya ulinganisho huo, kwa hiyo kazi ya kunukuu na kuhakiki ni ya mtumaji, au ya mtu mwenye kusikia aliye upande wa mtumaji.

Ninaposema mpokeaji wa maandishi peke yake, namfikiria kwanza kiziwi, pamoja na mtu ambaye usikivu wake umepungua kiasi kwamba sauti ya simu humfikia kama mvumo tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 wana upotevu wa usikivu wa kiwango kinachohitaji huduma. Wako na wengine ambao masikio yao ni mazima ila njia yao ya kazi haipitishi sauti, kama karani ambaye utaratibu wake unamruhusu kuingiza maandishi tu kwenye jalada, au mtu anayesoma mazungumzo yaliyohamishwa kutoka WhatsApp kama faili la maandishi bila viambatisho. Huyu wa mwisho, pale ilipokuwa sauti ya dakika tatu, hukuta maneno haya tu:

```
<Media omitted>
```

Hakuna anachoweza kukisia kutokana na mstari huo zaidi ya kwamba fulani alituma kitu saa fulani. Hata akipewa faili lenyewe hali haibadiliki sana. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp katika simu za Android huhifadhiwa kwa jina la namna ya `PTT-20241203-WA0007.opus`, jina ambalo lina tarehe na namba ya mfuatano, na halina neno hata moja la kilichosemwa. Akilifungua kwa programu ya kusomea maandishi, ataona mwanzoni herufi `OggS`, kisha `OpusHead`, na baada ya hapo msururu wa alama zisizosomeka.

Jambo hili linafaa kuelezwa kidogo, kwa sababu watu wengi huichukulia rekodi kana kwamba ni waraka uliofungwa, ambao maneno yake yamo ndani na yanangoja programu inayofaa kuyafungua. Katika waraka wa maandishi kila herufi ina namba yake, na kompyuta ikiisoma namba hiyo huijua herufi bila shaka yoyote. Katika faili la sauti hakuna herufi. Kilichomo ni vipimo vya mtikisiko wa hewa, maelfu kwa maelfu katika kila sekunde, vilivyobanwa ili faili liwe dogo. Neno huzaliwa pale anaposikia mtu mwenye kuijua lugha, au pale mashine inapokadiria ni neno gani linalowezekana zaidi kutokana na mtikisiko ule. Ndiyo maana kunukuu ni tendo la kutafsiri ushahidi, na kila tendo la namna hiyo huwa na nafasi ya kukosea. Anayeomba kunukuliwa rekodi anaomba mtu mwingine asimame shahidi wa maneno yake. Ni ombi zito, na ni zito zaidi anapoelekezewa mtu ambaye hakuyasikia wala hawezi kuyasikia.

Tuchukue mfano. Katibu wa kamati ya ujenzi ni kiziwi, na kazi yake ni kuandika muhtasari na kumwandikia mkandarasi barua za maamuzi. Mwenyekiti anamtumia ujumbe wa sauti na kuongeza mstari mmoja wa maandishi: "Ingiza haya kwenye muhtasari." Ndani ya rekodi mwenyekiti amesema hivi: "Hatutalipa awamu ya pili kabla ukaguzi haujafanyika. Mkaguzi atafika Alhamisi saa nane mchana, naye ataangalia mifuko themanini iliyobaki stoo." Katibu anaipitisha rekodi kwenye programu ya kunukuu, na programu inampa maandishi haya: "Tutalipa awamu ya pili kabla ukaguzi haujafanyika. Mkaguzi atafika Alhamisi saa nane mchana, naye ataangalia mifuko thelathini iliyobaki stoo."

Sentensi zote mbili ni Kiswahili sanifu. Hakuna neno lililokosewa tahajia wala upatanisho uliovunjika, na hakuna kitu cha kumshtua msomaji makini. Katibu ataandika barua ya kumwahidi mkandarasi malipo kabla ya ukaguzi, yaani kinyume kabisa cha uamuzi, na mkaguzi ataambiwa atakuta mifuko 30 mahali palipo na 80. Kati ya maneno 19 ya mwenyekiti, programu imepatia 17. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu, ambacho hujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa, kosa hapa ni takribani asilimia 10.5. Mtu akielezwa kuwa programu inapatia karibu asilimia 90 ataona ni kazi nzuri, kumbe maneno mawili yaliyopotea ndiyo yaliyobeba uamuzi wote.

Makosa hayo mawili sikuyachagua kwa bahati. Nimenukuu rekodi za mikutano kwa muda mrefu, na haya ni ya aina ninazozitafuta kwanza ninapohakiki kazi ya mtu au ya mashine. La kwanza lina chanzo kinachojulikana. Mtu anapobonyeza kitufe cha kurekodi huanza kusema mara moja, na silabi ya kwanza mara nyingi huliwa kabla kurekodi hakujaanza sawasawa. Katika lugha yetu silabi hiyo ya kwanza ndiyo makao ya kukanusha. Ukiondoa "ha" mwanzoni mwa "hatutalipa" unabaki na "tutalipa", neno kamili lenye maana iliyopinduka. "Hatukubali" likipoteza kichwa linakuwa "tukubali", na kukataa kunageuka kuwa mwito wa kukubaliana. Si kila kitenzi kina hatari sawa. "Hatulipi" likikatwa huacha "tulipi", na "hawajalipa" huacha "wajalipa", maumbo ambayo msomaji huyatilia shaka papo hapo. Hatari kubwa zaidi iko katika wakati ujao, ambamo umbo la kukanusha na la kukubali hutofautiana kwa silabi hiyo moja tu, na wakati ujao ndio wakati wa ahadi, maagizo na malipo.

La pili ni la namba. "Thelathini" na "themanini" huanza na kuishia kwa sauti zilezile, na mkazo wa yote mawili uko kwenye silabi moja ya karibu na mwisho, kwa hiyo kelele kidogo ya upepo au ya gari huzifanya namba hizi zichanganyike. Hapo ndipo mashine inapotofautiana na mtu. Mtu mwenye busara akitilia shaka huandika kwamba neno halikusikika vizuri. Mashine huandika namba moja kwa ujasiri uleule inaoandikia maneno mengine yote, na msomaji haoni dalili ya kwamba hapo palikuwa na shaka. Kuna na tatizo baya zaidi, la mashine kuandika kitu ambacho hakikusemwa kabisa. Utafiti kuhusu Whisper, mfumo wa kunukuu wa kampuni ya OpenAI, uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na wenzao, ulikuta kuwa katika takribani asilimia moja ya sehemu za sauti zilizonukuliwa mlikuwa na vifungu vizima vya kubuni, na kwamba tatizo hilo liliwapata zaidi wazungumzaji wenye vituo virefu vya kimya kwa sababu ya maradhi ya usemi. Anayesikiliza rekodi hugundua mara moja kwamba maneno hayo hayamo. Asiyeisikia ataona sentensi safi, tena pengine safi kuliko zilizosemwa kweli.

Kwa hiyo hoja ya kwamba teknolojia imemaliza tatizo inaangushwa na jambo jepesi kulieleza. Huduma ile ya WhatsApp, kama ilivyotangazwa, huandaa maandishi ndani ya simu ya mpokeaji, na mtumaji hayaoni. Kwa mpokeaji mwenye masikio mpango huo hauna ubaya, maana akitilia shaka neno anacheza sauti na kusikiliza. Mpango huohuo ukihamishiwa kwa kiziwi unazaa hali ya ajabu: mtu pekee anayejua kilichosemwa hayaoni maandishi, na mtu pekee anayeyaona maandishi hajui kilichosemwa. Kosa likitokea hakuna aliye mahali pa kulikamata. Unaweza kuipunguza asilimia ya makosa kutoka kumi hadi mbili, na hali hiyo itabaki ilivyo, kwa sababu kasoro haimo ndani ya mashine peke yake. Imo katika kumpa kazi ya kuhakiki mtu aliyenyimwa kifaa cha kuhakikia. Tena mashine ikiboreka sana, makosa yanayobaki huwa ndiyo yale yanayofanana na ukweli, kwa kuwa yale ya kipuuzi ndiyo yanayoisha mwanzo.

Zipo hoja za upande wa pili zenye uzito, na moja kati yake imenisumbua kwa muda mrefu. Kuna watu ambao sauti ndiyo njia yao ya kuandika. Asiyejua kusoma, asiyeona, mwenye mikono inayotetemeka, na mtu anayeifahamu lugha kwa kuisema tu bila kujua kuiandika, wote hawa walipata uhuru mkubwa ujumbe wa sauti ulipokuja. Kuwaambia waandike ni kuwafungia mlango uliokwisha kufunguka. Hapa kuna mahitaji mawili ya haki yanayogongana, na siamini kwamba la kiziwi linapaswa kushinda kila mara. Ninachosema ni kwamba daraja lijengwe upande ambao unaweza kulikagua. Asiyeona anaweza kuiamuru simu iandike anachosema, kisha programu ya kusoma skrini ikamsomea kilichoandikwa kabla hakijatumwa, naye atasikia mara moja kwamba "hatutalipa" limekuwa "tutalipa". Asiyejua kusoma anaweza kufanya vivyo hivyo, au kumwomba aliye karibu naye amwandikie na kumsomea. Katika njia zote hizi aliyesema ndiye anayethibitisha maneno yake. Zinagharimu muda, na mahali pa kazi gharama hiyo haifai kuachiwa mtumaji mwenye ulemavu peke yake. Ibebwe na ofisi inayowaunganisha wawili hao, kwa kumtenga mtu mwenye kusikia na kuandika ambaye kazi yake inajulikana.

Hoja nyingine husema kwamba mpokeaji anaweza kumwomba ndugu au rafiki amsikilizie, kama wengi wanavyofanya. Ni kweli wanafanya, na kwa salamu za kawaida hakuna neno. Lakini ujumbe wa sauti mara nyingi hutumwa bila maelezo, na asiyesikia hawezi kujua kilichomo kabla hajaamua ampe nani. Anapompa jirani asikilize, wote wawili hugundua kwa pamoja kama ni tangazo la kikao, majibu ya hospitali, deni au ugomvi wa nyumbani. Maandishi yangemwezesha kusoma mwenyewe kwanza na kuchagua wa kumshirikisha. Huko ndiko kupotea kwa siri kunakozungumziwa mara chache, kwa kuwa mwenye kusikia hajawahi kulazimika kuufungua ujumbe wake mbele ya mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kuliko zote, nayo ni kwamba sauti hubeba hisia ambazo maandishi hayawezi kuzibeba, hivyo kumlazimisha mtu aandike ni kuukausha ujumbe wake. Hisia hizo ni kweli zimo katika sauti, lakini huyu mpokeaji hazimfikii kwa vyovyote. Akipata maandishi ya mashine atapata maneno yasiyo na mkazo, yasiyo na cheko, na mara nyingi yasiyo na alama za uandishi zilizo mahali pake. Mtumaji akiandika mwenyewe anaweza angalau kusema kwamba anatania, kwamba amekasirika, au kwamba jambo ni la haraka. Anayeijali hisia ya ujumbe wake ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuandika. Hoja hii, ikitazamwa vizuri, hutetea raha ya mtumaji.

Raha hiyo ina kipimo. Wanaonukuu kwa kazi hukadiria kwamba saa moja ya sauti iliyo safi humchukua mzoefu kama saa nne kuiandika, na huzidi hapo wasemaji wakiwa wengi au kelele ikiwa nyingi. Kwa kadirio hilo, ujumbe wa dakika tano ni kazi ya dakika 20 kwa mtu anayesikia vizuri na anayejua kazi. Anayetuma rekodi na kungoja maandishi anaokoa dakika zake chache kwa kumtwika mwingine nyingi zaidi, na mara nyingi hajui kama ametwika, kwa sababu kuongea hakukumchosha. Sidhani wengi hufanya hivi kwa ubaya. Hawajawahi kuona upande wa pili wa kazi hiyo.

Msimamo ninaoutetea si mpya katika taratibu za umma. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, iliyotolewa katika toleo lake la pili Desemba 2008, inadai katika kipengele 1.2.1, tena katika ngazi ya chini kabisa ya masharti yake, kwamba sauti iliyorekodiwa iambatane na maandishi yenye habari ileile, na sharti hilo linamhusu anayechapisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 21, unazitaka nchi wanachama kutoa habari zilizokusudiwa umma kwa ujumla katika miundo inayofikiwa na watu hao, kwa wakati unaofaa na bila gharama ya ziada kwao. Vyombo hivi havikuandikwa kwa ajili ya ujumbe wa watu wawili, na sidai kwamba vinamfunga shangazi anayemsalimu mpwa wake. Lakini vinaonyesha mwelekeo wa fikra: mwenye habari ndiye anayeiandaa iweze kupokelewa, na anayepokea hatozwi kwa sababu ya hali yake.

Kwa vitendo, maandishi yanayostahili kuambatana na rekodi ya kazi hayahitaji kuwa neno kwa neno. Mwenyekiti wa mfano wetu angeweza kutumia mashine ileile ya kunukuu upande wake, kisha akasoma matokeo huku akisikiliza, na akatazama kwa makini vitenzi vya kukanusha, namba, majina na saa. Namba zote ziandikwe kwa tarakimu. Saa ziandikwe pamoja na sehemu ya siku, kwa sababu "saa nane" ikigeuzwa kuwa 8:00 humpeleka mtu asubuhi badala ya mchana. Mahali pasiposikika paachwe wazi kwa alama, mathalani `[haisikiki 01:12]`, ili msomaji ajue pengo liko wapi na aulize. Kisha aandike nani alisema na nani alihakiki. Sauti inaweza kubaki kama kiambatisho kwa wanaoitaka, lakini isisimame mahali pa maandishi.

Mpokeaji naye ana sehemu yake, ingawa ni ndogo. Anapoletewa rekodi asikubali kwa adabu kisha akakisia kilichomo kutokana na mazungumzo yaliyotangulia, kama wengi walivyozoezwa kufanya ili wasionekane wasumbufu. Aseme waziwazi kwamba hawezi kuisikia, kwamba hajajua kilichomo, na kwamba anasubiri maandishi. Ombi hilo liwe na nguvu ya kiutaratibu. Katika kamati, ofisi au kikundi chenye mjumbe wa namna hii, kanuni ya mawasiliano iseme kwamba rekodi haihesabiwi kuwa imefika mpaka maandishi yaliyohakikiwa na aliyesema yamefika. Muda wa kujibu, kupinga, kulipa au kuhudhuria uanze kuhesabiwa kutoka saa ya maandishi hayo. Na katibu akiandika barua kwa kutegemea nukuu ya mashine aliyoachiwa bila uhakiki, lawama ya "tutalipa" iwe ya aliyetuma sauti.